Ili kupata au ilikupata? Kuunganisha na kutenganisha maneno kwenye memo ya ofisi

Tazama sentensi hizi mbili:

Mfanyakazi ajaze fomu ili kupata ruhusa.
Mfanyakazi ajaze fomu ilikupata ruhusa.

Kinachozitofautisha ni nafasi moja tu. Ya kwanza inataja lengo: fomu ikijazwa, ruhusa inapatikana. Ya pili imebeba kitenzi kizima ndani yake, *ilikupata*, kama mtu anavyoambiwa "ajali ilikupata wapi?" Sentensi yenyewe haina maana, lakini hakuna neno hata moja humo ambalo si la Kiswahili. Ndiyo maana kosa la aina hii hupita mikononi mwa watu watatu, likasainiwa na likabandikwa ubaoni. Hata kompyuta yenye kamusi ya Kiswahili inaweza kuliruka, kwa sababu *ilikupata* ni umbo halali, ila si hapo.

Orodha za maneno "ya kutenganisha" na "ya kuunganisha" ziko nyingi na zinasaidia kidogo. Mwandishi wa memo akikwama katikati ya sentensi, mara nyingi hakwami kati ya sahihi na takataka. Anakwama kati ya maumbo mawili yanayoishi, kila moja na kazi yake. Kwa hiyo hapa nitayaweka mawili mawili, na kila jozi nitasema lipi lichukuliwe lini. Kuna dalili moja itakayojirudia: kabla ya kuamua, usilikazie macho neno lenyewe tu, tazama linalofuata.

Kwa yenye nafasi, na kwa isiyo na nafasi

*Kwa niaba ya*, *kwa ajili ya*, *kwa mujibu wa*, *kwa madhumuni ya*, *kwa njia ya*. Yote haya hutenganishwa, na bado kwenye memo nyingi utakuta *kwaniaba*, *kwaajili*, hata *kwajili*. Kisa kinaeleweka. Hakuna anayesema "niaba yangu ni nzuri" wala "nina ajili nyingi". Kwa kuwa neno la pili halitembei peke yake katika mazungumzo, mwandishi huliona kama mkia wa *kwa* na kulivuta karibu.

Sasa tazama kinachofuata. Baada ya *niaba* huja *ya*, baada ya *mujibu* huja *wa*. Hiyo ndiyo a-unganifu, na kazi yake ni kufuata nomino na kupatana nayo. Ikiwapo, basi lililotangulia ni nomino, hata kama ni nomino isiyotoka nje bila *kwa*. Na nomino haibandikwi kwenye *kwa*. Ukifungua kamusi utazikuta *niaba*, *ajili* na *mujibu* zimeorodheshwa kama maneno kamili, kila moja kwa herufi yake. Zinahesabiwa kama nomino, na nafasi yake ni haki yake.

Upande wa pili wako *kwangu*, *kwako*, *kwake*, *kwetu*, *kwenu*, *kwao*. Hapa kutenganisha ndiko kosa: *kwa ke* na *kwa o* hazipo. Sababu ni kwamba -ake na -ao ni mashina ya vimilikishi. Hayasimami mpaka yashike kiambishi cha upatanisho mbele yake. Y- ikitangulia tunapata *yake*, l- inatupa *lake*, na ku- inatupa *kwake*. Ile *kw-* ya mwanzo ni kiambishi kilichogandana na shina, kwa hiyo hakuna mpaka wa kuweka nafasi.

Hata maneno yale yaliyotajwa juu yakichukua kimilikishi hufuata njia hiyo hiyo. *Kwa niaba ya Mkurugenzi* inakuwa *kwa niaba yake*. *Kwa ajili ya wafanyakazi* inakuwa *kwa ajili yao*. Nafasi baada ya *kwa* inabaki palepale, na *ya* inajiunga na shina. Anayeandika *kwaajili yao* amekosea upande mmoja na kupatia upande wa pili, jambo linaloonyesha kwamba sikio lake liko sawa. Kilichomponza ni jicho.

Nikiwa bado kwenye *kwangu*, kuna jozi moja ambayo kwenye memo hukosewa kuliko zote za kundi hili:

Afike katika ofisi yangu.
Afike ofisini kwangu.

Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ina *katika*, nomino tupu, na kimilikishi kinachopatana na nomino. Ya pili haina *katika*. Nomino imechukua *-ni*, na tangu hapo inatawaliwa na mahali, kwa hiyo kimilikishi kinakuwa *kwangu* (au *mwangu* ukimaanisha ndani yake hasa). Chotara wao ni *ofisini yangu* na *katika ofisini kwangu*, na hao ndio wa kuwakataa. Mimi kwenye memo huchagua *ofisini kwangu*, kwa sababu ni fupi na haiwezi kudhaniwa kuwa kwangu nyumbani. *Afike kwangu*, bila *ofisini*, ni mwaliko wa aina nyingine.

Zile *kwa* zinazofuatwa na kionyeshi au na *kuwa*, yaani *kwa hiyo*, *kwa hivyo*, *kwa vile*, *kwa kuwa*, hutenganishwa pia, na *kwa sababu* na *kwa nini* vilevile. Zinazoandikwa neno moja ni *kwamba*, *kwani*, *kwanza*, *kwenye* na *kweli*. Hizi ni chache na hazikosewi sana, basi tuziache.

Kimilikishi kinachosimama na kinachoegemea

Kanuni ya jumla ni nyepesi. Kimilikishi kamili husimama peke yake: *idara yetu*, *mkataba wake*, *majina yao*, *kwa idhini yangu*. Hakuna *idarayetu* wala *mkatabawake*.

Ugumu unaanzia kwenye maneno ya undugu na uhusiano, ambayo yana tabia ya kukata kimilikishi na kukibandika mwishoni: *mumewe*, *mkewe*, *mwanawe*, *nduguye*, *babake*, *mamake*, *mwanangu*. Memo za utumishi zimejaa maneno haya, maana huzungumzia likizo za uzazi, misiba, wategemezi na warithi. Hapa kuna njia mbili sahihi na moja mbovu:

*Amefiwa na mume wake.*
*Amefiwa na mumewe.*

Ukiandika *mume wake*, kimilikishi kimekamilika, kina w- yake na shina lake zima, basi kinastahili nafasi. Ukiandika *mumewe*, kimekatwa, hakiwezi kusimama, basi kinaegemea. Njia mbovu ni kuchanganya tabia za hizi mbili: *mume we*, ambapo kilichokatwa kimelazimishwa kusimama, au *mumewake* na *mamayake*, ambapo kilichokamilika kimebandikwa bila sababu. Kigezo ni kuangalia kama kimilikishi kimebaki kizima, kiambishi na shina lake. Kikiwa kizima, tenganisha, kikikatwa, unganisha.

Lipi bora kwa memo? *Mumewe* na *mkewe* hazina ubaya wowote katika maandishi rasmi, na taarifa ya msiba husomeka kwa upole zaidi kwa umbo fupi. Lakini unapomhutubia msomaji moja kwa moja, *mkeo* na *mumeo* huleta sauti ya sebuleni. "Leta nakala ya kitambulisho cha mkeo" ni amri ambayo baadhi ya wakubwa wa umri ofisini hawataipenda. *Mke wako*, au bora zaidi *mwenzi wako*, inasema jambo lilelile kwa adabu.

Na hapo kwenye *mwenzi* ndipo penye mtego wa kweli.

*Fomu isainiwe na mfanyakazi na mwenzake.*
*Fomu isainiwe na mfanyakazi na mwenzi wake.*

Kwa kanuni niliyotoa juu, mtu angetarajia *mwenzake* na *mwenzi wake* ziwe ndugu pacha, kama *mumewe* na *mume wake*. Zamani ya neno ni moja. Matumizi yamezigawanya. *Mwenzake* ni yule aliye katika hali moja naye: mfanyakazi mwenzake, mjumbe mwenzake, jirani wa meza. *Mwenzi wake*, kwa lugha ya ofisi za sasa, ni mume au mke. Wengine huandika *mwenza wake*. Memo ya bima ikisema *mwenzake*, mfanyakazi mwaminifu anaweza kumpelekea fomu aliyekaa naye dawati moja, na hatakuwa amekosea kusoma. Ikisema *mwenzi wake*, fomu inakwenda nyumbani.

Kinyume chake pia ni kweli. Taarifa ya kustaafu au ya kifo iandike *mwenzetu*: "Tunasikitika kutangaza kifo cha mwenzetu." Ukiandika *mwenzi wetu*, umemfanya marehemu kuwa mke au mume wa idara nzima.

Kuna maneno matatu ambayo wengi hawajui kwamba yamebeba kimilikishi kilichokatwa: *baadaye*, *hatimaye* na *mwishowe*. Yana muundo wa *nduguye* na *mumewe*, kwa hiyo ni neno moja kila mahali. Lakini jirani zao *badala yake*, *matokeo yake* na *peke yake* wana kimilikishi kamili na hutenganishwa. *Pekeyake* ni kosa. *Pekee* ni neno jingine lenye kazi nyingine.

Na: neno, au kipande cha kitenzi?

*Na* ya "pamoja na", "kutokana na", "kulingana na", na ile ya mtenda ("iliyoandaliwa na Katibu") husimama peke yake mbele ya nomino. Ikikutana na kiwakilishi hukipunguza na kukibeba: *nami*, *nawe*, *naye*, *nasi*, *nanyi*, *nao*, *nayo*. *Na mimi* na *na yeye* si makosa, ila zina msisitizo usiohitajika kwenye sentensi kama "wasiliana nami kabla ya Ijumaa".

Jozi ya kuangalia hapa ni moja:

*Fomu zirudishwe kwa Katibu na si kwa Mhasibu.*
*Fomu zirudishwe kwa Katibu, nasi kwa Mhasibu.*

*Na si* ni kiunganishi na kikanushi: Katibu ndiye, Mhasibu siye. *Nasi* ni "pamoja na sisi". Sentensi ya pili ikisomwa kama ilivyo, inadai kwamba fomu ziende kwa Katibu na sisi wenyewe twende kwa Mhasibu. Msomaji atakisia ulichokusudia. Lakini memo inayotegemea kukisiwa imeshapoteza nusu ya kazi yake, hasa ikija kuwa kielelezo kwenye shauri la nidhamu.

Kundi kubwa zaidi, na nadhani ndilo linaloharibu memo nyingi, ni la *nina, una, ana, tuna, mna, wana, ina, zina*. Hizi hufanya kazi mbili. Zinaweza kuwa neno kamili lenye maana ya kumiliki, kama "tuna kikao". Zinaweza pia kuwa mwanzo wa kitenzi cha wakati uliopo, kama "tunakaa". Kwenye kazi ya kwanza nafasi ni lazima, kwenye ya pili nafasi ni kosa. Kwa hiyo *tuna omba*, *ina husu* na *wana takiwa* zote zinarudi pamoja: *tunaomba*, *inahusu*, *wanatakiwa*.

Wengi hulijua hilo, ila hunaswa pale ambapo nomino na kitenzi vinafanana kwa sura. Soma jozi hizi kwa mlalo:

| Tenganisha: kuna nomino | Unganisha: kuna kitenzi |
|---|---|
| ana ruhusa ya kutoka | anaruhusu watu kutoka |
| waraka una maana mbili | waraka unamaanisha mambo mawili |
| tuna imani na kamati | tunaiamini kamati |
| mpango una lengo la kupunguza gharama | mpango unalenga kupunguza gharama |
| ana safari ya kikazi | anasafiri kikazi |

Kwenye safu hizi angalau vokali au kiambishi kinabadilika, na sikio linasaidia. Kazi ipo kwenye maneno ambayo nomino na kitenzi ni herufi zilezile. *Dai* na *jibu* ndiyo mifano mikuu ya ofisini.

*Mkandarasi ana dai la malipo ya awamu ya pili.*
*Mkandarasi anadai malipo ya awamu ya pili.*

Ya kwanza inasema kuna dai lililowasilishwa, kitu chenye jalada na tarehe. Ya pili inasema yeye anadai; huenda ni kwa mdomo, huenda ni kweli anadai au ni maneno yake tu. Mhasibu na mwanasheria watazisoma tofauti. Sasa angalia kinachofuata: kwenye ya kwanza kuna *la*. Ile a-unganifu tuliyoiona nyuma ya *kwa niaba ya* imerudi, na inasema lilelile: lililo mbele yangu ni nomino, lipe nafasi. Kwenye ya pili hakuna *la*, bali kitu kinachodaiwa kinakuja moja kwa moja. *Idara ina jibu la barua yenu* na *Idara inajibu barua yenu* zinatenganishwa kwa dalili hiyo hiyo.

Dalili hii ina mpaka wake. Sentensi ikiishia papo hapo, "Idara ina jibu", hakuna *la* ya kukuongoza. Hapo jaribu kuingiza *pia* katikati. "Idara ina pia jibu" inasemeka, hata kama ungependelea *pia* ikae mwishoni. "Idara ina pia jibu barua" haisemeki kabisa. Jaribio hilo linafaa pia kwa *ili*: "ili pia kupata" inasemeka, basi *ili kupata* ni maneno mawili.

Walio na wanao

Mantiki ya *tuna* inaendelea kwenye virejeshi, ila huku makosa ni ya pande zote mbili.

*Wafanyakazi walioomba likizo.*
*Wafanyakazi walio likizoni.*

*Waliomba* ikiwekewa kirejeshi inakuwa *walioomba*, neno moja, ingawa *o* mbili zilizofuatana zinamtisha mwandishi mpaka anaweka nafasi: *walio omba*. Zisikutishe, moja ni ya kirejeshi, nyingine ni ya *omba*. Vilevile *wanaoomba*, *zilizoombwa*, *anayeandaa*. Lakini *walio* peke yake nayo ni neno halali, maana inabeba kitenzi *-li*, yaani "ambao wako" au "ambao ni". Ikifuatwa na mahali, sifa au nomino husimama: *walio likizoni*, *nafasi zilizo wazi*, *watumishi walio chini ya idara hii*. Ikifuatwa na *na* pia: *walio na vitambulisho*, *asiye na mtegemezi*.

Basi kanuni ya kuamua ni ileile. Linalofuata likiwa shina la kitenzi, bana. Likiwa kitu kingine, achia. Msahihishaji mwenye bidii kupita kiasi huunganisha kila kitu na kuandika *waliolikizoni*, na hilo ni kosa sawa na la mwenzake aliyetenganisha kila kitu.

Kuhusu *wanao omba*, kuna sababu ya ziada ya kuikataa. *Wanao* ikisimama ni "watoto wako", wingi wa *mwanao*. Tangazo lililoanza na "Wanao omba uhamisho" linaonekana kama ujumbe kwa wazazi.

*Ni* nayo itajwe upesi. *Ni lazima*, *si lazima*, *ni muhimu* hutenganishwa kwa sababu *ni* na *si* hapo ni maneno. *Ofisini*, *kikaoni*, *kazini* huunganishwa. *Kikao ni saa nne* na *kikaoni saa nne* ni taarifa mbili tofauti: ya kwanza inataja muda wa kikao, ya pili inataja mahali.

Memo moja, kabla na baada

Hii ni rasimu ya kubuni, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida.

> KWA: Wafanyakazi wote
> KUTOKA: Mkuu wa Utumishi
> YAH: KUHAKIKI TAARIFA ZA WATEGEMEZI
>
> Kwaniaba ya Mkurugenzi, nina waarifu kuwa idara ina hakiki taarifa za wategemezi. Wafanyakazi wanao tumia bima ya afya pamoja na familia zao wana takiwa kujaza fomu mpya ilikuepuka usumbufu. Fomu isainiwe na mfanyakazi na mwenzake, kisha irudishwe kwa katibu muhtasi wangu nasi kwa mhasibu. Walio likizoni watajaza watakapo rejea. Asiyena mtegemezi silazima ajaze. Mwenye swali afike ofisini yangu.

Na hii ndiyo iliyosahihishwa:

> Kwa niaba ya Mkurugenzi, ninawaarifu kuwa idara inahakiki taarifa za wategemezi. Wafanyakazi wanaotumia bima ya afya pamoja na familia zao wanatakiwa kujaza fomu mpya ili kuepuka usumbufu. Fomu isainiwe na mfanyakazi na mwenzi wake, kisha irudishwe kwa katibu muhtasi wangu na si kwa mhasibu. Walio likizoni watajaza watakaporejea. Asiye na mtegemezi si lazima ajaze. Mwenye swali afike ofisini kwangu.

*Kwaniaba* imepata nafasi kwa sababu ya *ya* inayofuata. *Nina waarifu*, *ina hakiki* na *wana takiwa* zimeunganishwa kwa sababu *arifu*, *hakiki* na *takiwa* ni vitenzi. *Nina pia waarifu* haisemeki. Katika *wanaotumia* na *watakaporejea*, kirejeshi kimefuatwa na shina la kitenzi.

*Ilikuepuka* ndiyo inayochekesha kidogo, maana ukiisoma kwa uaminifu, kuna kitu kilikuepuka wewe. *Asiyena* na *silazima* zina kosa hilohilo, la kubana mno.

*Mwenzake* na *nasi* ndizo zilizo hatari. Zile nyingine zinaudhi jicho tu, msomaji anaelewa na kuendelea. Hizi mbili zinapeleka fomu kwa mtu mwingine, na hazionekani kama makosa kwa yeyote asiyejua ulichokusudia. Ukiwa na dakika mbili tu za kusahihisha, anza na aina hii.

Na *walio likizoni* haikuguswa. Ilikuwa sahihi tangu mwanzo, pamoja na *pamoja na familia zao*.

Hata kichwa cha memo kina somo lake dogo: *YAH* ni kifupi cha *yahusu*, kitenzi kimoja, kwa hiyo ukiamua kukiandika kwa urefu kisiwe *ya husu*. Wanaotumia *KUH*, yaani *kuhusu*, wako salama.

Yale ambayo watu hawajaafikiana

Tahajia ya Kiswahili sanifu imekuwa na wasimamizi tangu ilipoundwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, wakaja BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka 1967, na *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikatoka mara ya kwanza mwaka 1981. Pamoja na hayo, yako maneno ambayo waandishi wazuri huyaandika kwa namna mbili. *Kwa hiyo* na *kwahiyo*, *kwa nini* na *kwanini* ndizo zinazoleta ubishi zaidi. Wanaounganisha wanasema masikio yao yanasikia neno moja, na hawadanganyi. *Kwani* na *kwamba* zimeshakubalika kama neno moja, na huenda hizi nazo ziko njiani.

Kwenye memo, mimi ningetenganisha. Anayependelea *kwahiyo* akiona *kwa hiyo* hataona kosa, lakini anayependelea *kwa hiyo* akiona *kwahiyo* ataliona, na huenda ndiye anayesaini. Majina ya vyeo na masharti ya kazi ni suala jingine: *mwenyekiti* na *mwanasheria* ni neno moja bila ubishi, *katibu mkuu* na *katibu muhtasi* ni mawili, na *kiinua mgongo* utaikuta kwa namna zote mbili. Kwa hizi za mwisho fuata jinsi zilivyoandikwa kwenye mkataba au kanuni za utumishi ambazo memo inazirejelea, ili asije mtu akadai kwamba *kiinuamgongo* cha memo si *kiinua mgongo* cha mkataba.

Kabla ya kutuma, tumia kitufe cha kutafuta kwenye kompyuta. Tafuta *tuna* yenye nafasi baada yake, kisha *ina*, *ana*, *wana*, *zina*, *walio*, *wanao*, na kila inapokutokea soma neno moja tu mbele. Halafu tafuta *iliku*. Utakapokuta *ilikuwa*, soma sentensi: ikiwa inasimulia jambo lililopita, iache, ikiwa inataja lengo, kama "alihamishwa ilikuwa karibu na familia", itenganishe. Utakapokuta *iliku* nyingine, fanya vivyo hivyo: *kamati ilikutana* na *idara ilikubali* ziache, lakini ikitaja lengo, kuna *ili* iliyokosa nafasi yake.